Kusoma waraka wa matarajio kabla ya kununua hisa: maswali tunayoulizwa sana Amu na Malindi

Kila toleo la hisa linapotangazwa, maswali yanayotufikia huwa ni yale yale, yawe yametoka barazani Mkomani au kwenye vyama vya akina mama wa Malindi. Wanaouliza wanajua hisa ni nini. Wanachotaka kujua ni wasome wapi katika waraka wa matarajio, kitabu kile kinene ambacho kampuni hutoa hisa zake zinapouzwa kwa umma, na wakishasoma wafanye hesabu gani. Ukurasa huu unashughulikia sehemu tatu tu za waraka: matumizi ya fedha zitakazopatikana, vihatarishi, na ratiba ya ugawaji wa hisa. Kampuni ya samaki utakayoikuta humu ni ya kubuni, nimeiweka ili hesabu ionekane vizuri. Safaricom, Britam na Vodacom Tanzania ni matoleo yaliyofanyika kweli.

Waraka una kurasa zaidi ya mia. Nianzie wapi?

Ruka barua ya mwenyekiti na picha. Nenda kwenye yaliyomo, utafute sehemu ya matumizi ya fedha na uisome kwanza, kwa sababu mara nyingi haizidi ukurasa mmoja au miwili na ndiyo itakayokuambia usome vipi zilizobaki. Kisha soma vihatarishi ukiwa na taarifa za fedha pembeni. Ratiba iache mwisho, lakini usiiache kabisa. Wengi hutazama tarehe ya kufunga tu, na yanayowaumiza yako katika tarehe zinazofuata.

Ukiusomea kwenye simu, andika "vihatarishi" au kwa Kiingereza "risk factors" kwenye kisanduku cha kutafutia. Waraka kamili wa Kenya kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo si aibu kukaa na kijana wa nyumbani mkasoma pamoja. Ila msome waraka wenyewe. Kipeperushi cha kurasa nne kinachogawiwa benki hakitoshi, kwa sababu hakina maelezo ya chini ya hesabu, na huko ndiko mambo yalikojificha.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imeuidhinisha waraka. Si basi ni salama?

La. Mamlaka huangalia kama kampuni imetoa maelezo yanayotakiwa na sheria. Haisemi kwamba bei ni nzuri wala kwamba utapata faida. Soma maandishi ya mwanzo kabisa ya waraka wowote wa Kenya: utakuta yanasema waziwazi kwamba Mamlaka haibebi jukumu la usahihi wa maelezo au maoni yaliyomo. Wakurugenzi ndio wanaobeba jukumu hilo, nao hutia saini. Idhini inakupa kitu kimoja chenye thamani kubwa: kama jambo zito limefichwa, kuna wa kumshika. Kuamua kama jambo lililoandikwa waziwazi ni baya au zuri, hiyo ni kazi yako.

Nikinunua hisa, pesa yangu inaingia kwenye kampuni?

Inategemea nani anauza, na hili ndilo swali la kwanza la sehemu ya matumizi ya fedha. Kuna aina mbili. Kampuni inaweza kutoa hisa mpya, na hapo pesa inaingia kwenye mfuko wake. Au mwenye hisa wa zamani anaweza kuuza zake, na hapo pesa inaingia mfukoni mwake yeye, kampuni haipati hata senti.

Watu wengi wa pwani walijifunza tofauti hii mwaka 2008 bila kujua kwamba wanajifunza. Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 moja kwa wanunuzi wa ndani na shilingi 5.50 kwa wa nje. Ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 50. Nilisikia watu wakisema Safaricom sasa ina mtaji wa kujenga minara nchi nzima. Haikuwa hivyo. Muuzaji alikuwa serikali, na pesa ilikwenda Hazina. Safaricom ya siku moja kabla ya toleo na ya siku moja baada yake ilikuwa na fedha zile zile benki.

Hilo peke yake si ubaya. Kampuni inaweza kuwa nzuri hata kama mtaji wake haukuongezeka. Lakini inabadilisha swali lako. Kampuni ikitoa hisa mpya, unauliza itafanya nini na pesa. Mwenyewe akiuza, unauliza kwa nini anauza sasa, anabakiza kiasi gani, na amefungwa kwa muda gani asiuze zilizobaki. Muda huo wa kufungwa huandikwa ndani ya waraka. Uweke alama, kwa maana siku unapokwisha hisa nyingi zinaweza kumwagwa sokoni kwa pamoja.

Na waraka ukichanganya yote mawili?

Hapo ndipo penye kazi. Tuchukue kampuni yetu ya kubuni inayonunua samaki wa pwani, inawagandisha na kuwasafirisha. Ina hisa milioni 720. Inatangaza toleo la hisa milioni 200 kwa shilingi 6 moja, na magazeti yanaandika kwamba inatafuta shilingi bilioni 1.2 "kupanua biashara". Ukifungua waraka unakuta hivi: hisa milioni 80 ni mpya, na milioni 120 zinauzwa na waanzilishi wawili.

Maana yake ni kwamba kati ya ile bilioni 1.2, milioni 720 zinakwenda kwa waanzilishi. Kampuni inabaki na milioni 480. Halafu kuna gharama za toleo: washauri, mawakili, madalali, benki inayopokea maombi na pesa, matangazo. Tuseme ni milioni 60. Endelea kusoma hadi upate ni nani anayezilipa. Katika mfano huu kampuni inazilipa zote, ingawa asilimia 60 ya mauzo ni ya waanzilishi. Wangegawana kwa haki, kampuni ingelipa milioni 24. Kwa hiyo milioni 36 za kuwauzia waanzilishi hisa zao zinatoka kwenye kampuni ambayo wewe unaingia kuwa mmoja wa wenyewe. Sentensi inayosema hivyo huwa fupi sana, na mimi huihesabu kuwa kipimo cha namna wakubwa wa kampuni wanavyowatazama wadogo.

Zimebaki milioni 420. Jedwali la matumizi linasema milioni 250 ni za kulipa mkopo wa benki, milioni 110 ni za kujenga ghala la baridi, na milioni 60 ni za "mahitaji ya jumla ya kampuni". Sasa rudi kwenye shilingi 100 ya mnunuzi mmoja wa Malindi. Shilingi 60 wamechukua waanzilishi, shilingi 5 gharama, karibu shilingi 21 zimelipa deni la zamani, shilingi 5 hazina kazi iliyotajwa, na shilingi 9 na senti kidogo ndizo zinazojenga kitu kipya. Upanuzi uliotangazwa ni shilingi 9 katika 100.

Fanya hesabu hii kwa kila waraka. Haihitaji elimu ya uhasibu, inahitaji karatasi na kalamu. Jumla ya toleo, toa ya wauzaji wa zamani, toa gharama, kisha gawanya kilichobaki kufuatana na jedwali.

Kulipa mkopo kwa pesa ya wenye hisa ni vibaya?

Si lazima. Mkopo wa riba ya asilimia 16 wa milioni 250 unakula milioni 40 kila mwaka, na kuuondoa ni nafuu ya kweli. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza, ni benki gani inayolipwa. Tafuta kwenye maelezo ya chini ya hesabu, sehemu ya mikopo, uone jina la mkopeshaji na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kisha rudi mwanzoni mwa waraka kwenye orodha ya washauri. Ukikuta benki inayolipwa ndiyo pia inayosimamia toleo, au ni ndugu yake, ujue anayekushauri ununue ana deni lake analotaka litoke. Na kama mkopo unaiva miezi michache baada ya toleo, toleo ni njia ya kuziba pengo, wala si mpango wa muda mrefu.

La pili, faida inayokadiriwa. Tuseme kampuni yetu ilipata faida ya milioni 150 mwaka jana kabla ya kodi, na waraka unakadiria milioni 190 mwaka ujao. Inaonekana ni ukuaji wa karibu asilimia 27. Tofauti ni milioni 40, riba ile ile iliyoondolewa. Hakuna samaki hata mmoja wa ziada aliyeuzwa. Tena faida hiyo sasa inagawanywa kwa hisa milioni 800 badala ya 720, kwa hiyo faida ya kila hisa imeongezeka kwa asilimia 14 tu. Nani atakayekuambia hivyo kwenye tangazo la redio?

"Mahitaji ya jumla ya kampuni" ndiyo nini hasa?

Ni pesa ambayo kampuni haikujifunga kuifanyia kitu maalumu. Kidogo hakina tatizo, maana biashara ina mambo ya dharura. Kikizidi robo ya fedha halisi zinazoingia, mimi husita. Angalia pia kama waraka unasema nani ana uwezo wa kubadilisha matumizi baada ya toleo. Mara nyingi ni bodi ya wakurugenzi peke yake.

Hisa zisipouzwa zote, mpango unakuwaje?

Swali zuri, na watu wachache huliuliza. Mwaka 2011 Britam ilitoa hisa milioni 650 kwa shilingi 9, ikitafuta shilingi bilioni 5.85, na ikapata takriban asilimia 60 tu ya kiasi hicho. Hisa ziliorodheshwa sokoni hata hivyo. Aliyenunua kwa kuvutiwa na orodha nzima ya miradi alijikuta ndani ya kampuni yenye pesa pungufu.

Kwa hiyo tafuta sentensi mbili. Moja inataja kiwango cha chini ambacho kisipofikiwa toleo linavunjwa na kila mtu anarudishiwa pesa yake. Nyingine inaeleza ni kipi kitatangulizwa pesa ikiwa pungufu. Na katika toleo mchanganyiko kuna jambo zito zaidi: hisa zipi zinauzwa kwanza, mpya au za waanzilishi? Kampuni yetu ya samaki ikiuza milioni 120 tu kati ya 200, na waraka unasema za waanzilishi zinatangulia, kampuni haitapata chochote, na mkopo wake utabaki pale pale ulipokuwa.

Vihatarishi vyote vinafanana. Nisome vipi nisilale?

Kweli, vingi huandikwa na mawakili ili baadaye kampuni iweze kusema "tuliwaambia". Siasa, mfumuko wa bei, ushindani, maradhi ya mlipuko. Njia rahisi ya kuchuja ni hii: soma kihatarishi, kisha badilisha jina la kampuni uweke la kampuni ya saruji. Sentensi ikiendelea kuleta maana, ipite haraka. Ikiharibika, simama hapo, kwa sababu hiyo imeandikwa kwa ajili ya kampuni hii na kuna kitu wanakijua.

Katika waraka wa kampuni ya samaki, vihatarishi 30 vikichujwa hivyo vinabaki vitatu.

Kimoja kinasema "sehemu kubwa ya mapato inatoka kwa wateja wachache". Waraka hausemi ni wangapi, basi nenda kwenye maelezo ya chini ya hesabu. Huko unakuta mteja mmoja ameleta asilimia 45 ya mauzo. Kisha nenda sehemu ya mikataba muhimu, nyuma kabisa, uone mkataba wa mteja huyo unakwisha lini. Ukiwa unakwisha miezi 5 baada ya hisa kuorodheshwa, una kihatarishi ambacho hakikuandikwa mahali pamoja lakini kimeandikwa vipande vipande katika sehemu tatu. Nimezoea kukikuta hivyo. Kampuni haijadanganya, imekuachia wewe kuunganisha.

Kingine kinasema "mabadiliko ya thamani ya sarafu yanaweza kuathiri matokeo". Tazama mkopo uliobaki ni wa sarafu gani na mauzo ni ya sarafu gani. Kampuni inayouza nje kwa dola na kukopa kwa dola ina kinga ya asili. Inayouza kwa hoteli za hapa kwa shilingi na kukopa kwa dola haina, na kila shilingi inaposhuka deni linapanda bila mtu kukopa tena.

Cha tatu watu wa Amu watakielewa kuliko wachambuzi wa Nairobi: "upatikanaji wa samaki hubadilika kwa msimu". Waraka unaonyesha hesabu za nusu mwaka ulioishia tarehe 31 Machi, na mchambuzi mmoja amezidisha kwa mbili akapata faida nono ya mwaka mzima. Lakini Oktoba hadi Machi ni miezi ambayo bahari inatulia na kaskazi inakuja, na mashua ndogo zinatoka. Ikiingia kusi, kuanzia Aprili, bahari inachafuka na wavuvi wengi wa nje ya mwamba wanafunga kazi. Nusu ya pili haitafanana na ya kwanza. Hapa mvuvi wa Kizingitini anajua kitu ambacho jedwali halimwambii mtu wa mjini. Kila unapoona hesabu za nusu mwaka, uliza ni miezi ipi.

Baada ya hapo soma sehemu ya kesi mahakamani na madeni yanayoweza kujitokeza. Mtu akidai kampuni milioni 200 na kampuni haijatenga hata shilingi, mwanasheria wa kampuni anasema kesi haina nguvu. Anaweza kuwa sahihi. Lakini linganisha kiasi hicho na ile milioni 420 inayoingia, ndipo utajua kama ni jambo la kupuuza.

Ndugu zangu, sisi hatuli riba. Waraka utanionyesha kama hisa hizi zinafaa?

Utakupa takwimu, hautakupa fatwa. Vigezo vya AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, vinavyofuatwa na wengi vinataka kwanza shughuli yenyewe iwe halali, kisha mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vilevile, na mapato yasiyofaa yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Takwimu hizo zimo katika mizania na maelezo ya mapato ya riba. Jedwali la matumizi ya fedha linasaidia pia, kwa kuwa linaonyesha mikopo itakayobaki baada ya toleo. Ziandike kwenye karatasi moja umpelekee sheikh anayejua fiqhi ya muamalat. Atakujibu haraka zaidi kuliko ukimpelekea kitabu kizima.

Kwenye ratiba, ni tarehe zipi zinazonihusu?

Tarehe sita: kufungua, kufunga, kutangaza matokeo ya ugawaji, kurudisha pesa zilizozidi, kuingiza hisa kwenye akaunti za CDS, yaani akaunti za kielektroniki zinazotunza hisa, na siku ya kwanza ya kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi. Hesabu siku kuanzia pesa yako inapotoka hadi inaporudi. Siku hizo zote pesa haiko mikononi mwako, na nyaraka nyingi husema wazi kwamba hutalipwa chochote kwa kuisubiri.

Kuna wanaokimbilia siku ya kwanza wakidhani aliyetangulia hupewa zaidi. Soma sera ya ugawaji kabla ya kukimbia. Kama hisa zinagawanywa kwa uwiano, wa siku ya kwanza na wa siku ya mwisho wanapata sawa, tofauti ni kwamba wa kwanza pesa yake imekaa nje kwa wiki kadhaa zaidi. Hata hivyo usingoje saa za mwisho kabisa kama unakaa Faza au Siyu na unategemea mashua kufika Amu. Wakala wako, yaani dalali au benki uliyofungulia akaunti ya CDS, huenda akafunga kupokea maombi siku moja au mbili kabla, apate muda wa kuyawasilisha.

Nikiomba hisa 20,000 nitapata ngapi?

Jibu liko katika kurasa za sera ya ugawaji. Kwanza angalia mafungu: kuna fungu la watu binafsi, la wafanyakazi, la taasisi, pengine la wageni. Unashindana na walio fungu lako tu. Angalia pia kama fungu moja likipwaya hisa zake zinahamia wapi.

Tuseme fungu la watu binafsi ni hisa milioni 80. Wameomba watu 40,000, na jumla ya maombi yao ni hisa milioni 260. Sera inasema kila mtu apate 1,000 za kwanza, zinazobaki zigawanywe kwa uwiano. Zile 1,000 za kila mtu zinakula milioni 40. Zimebaki hisa milioni 40, na maombi yaliyobaki ni milioni 220. Kwa hiyo kila mtu anapata asilimia 18 na kidogo ya kilichobaki cha ombi lake.

Wewe uliyeomba 20,000 unapata 1,000, na nyongeza ya 3,454 kutoka zile 19,000. Jumla 4,454. Jirani yako aliyeomba 2,000 anapata 1,181. Yeye amepata zaidi ya nusu ya alichotaka, wewe hata robo hujafika. Sera ya namna hii inawapendelea wadogo, na mimi naona ni haki. Lakini zipo sera za uwiano mtupu, ambazo mkubwa hubaki mkubwa.

Benki iko tayari kunikopesha niombe nyingi. Nikubali?

Tupige hesabu kwa mfano huo huo. Hisa 20,000 kwa shilingi 6 ni shilingi 120,000. Una 20,000 zako, umekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na benki imekata ada ya asilimia 2. Ratiba inaonyesha siku 42 tangu kulipa hadi kurudishiwa.

Riba ya siku 42 ni shilingi 2,071. Ada ni 2,000. Jumla 4,071. Umepata hisa 4,454, zenye thamani ya shilingi 26,724, na umerudishiwa 93,276. Ukigawanya gharama ya mkopo kwa hisa ulizopata, kila hisa imeongezeka senti 91. Hukununua kwa shilingi 6, umenunua kwa 6.91. Bei ipande zaidi ya asilimia 15 ndipo urudi ulipoanza, na hapo sijaweka ada ya dalali utakapouza. Mkopo ulitozwa kwa ombi lote, hisa ulipata sehemu ndogo tu. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Na kinyume chake ni kibaya vilevile. Maombi yakiwa machache unapewa zote 20,000, hakuna pesa inayorudi, na mkopo wote unabaki shingoni. Toleo ambalo watu hawakulitaka mara nyingi bei yake hushuka siku za mwanzo.

Wakati wa Safaricom wengi walikopa. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, watu wakapata kidogo, kurudishiwa pesa kukachelewa, riba ikaendelea kuhesabiwa. Hisa zilianza kuuzwa tarehe 9 Juni 2008, zikapanda mwanzoni, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya shilingi 5. Aliyetumia akiba yake aliweza kungoja, na miaka baadaye bei ilipanda sana. Mwenye mkopo hakuwa na nafasi ya kungoja.

Tarehe zikisogezwa nina haki gani?

Chini ya ratiba kuna maandishi madogo yanayosema tarehe zinaweza kubadilishwa kwa idhini ya Mamlaka. Yachukulie kwa uzito. Vodacom Tanzania ilifungua toleo lake Machi 2017, ikiuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 za Tanzania, ikalazimika kuongeza muda, na hisa zikaanza kuuzwa Dar es Salaam tarehe 15 Agosti. Aliyelipa wiki ya kwanza alikaa miezi mitano.

Soma kama waraka unakuruhusu kuondoa ombi lako muda ukiongezwa. Wengi huandika kwamba ombi likishawasilishwa halirudi. Kama ni hivyo, pesa ya karo ya shule au ya kununua injini ya mashua isiingie humo hata kwa wiki moja. Na jiulize kwa nini muda umeongezwa: mara nyingi ni kwa sababu maombi hayakutosha, na hiyo ni habari kuhusu bei.

Matokeo yametangazwa, lakini mimi sijaona hisa wala pesa.

Anza na jina. Katika sehemu zetu hili ndilo chanzo kikubwa. Kitambulisho kinasema Mohamed Ali Omar, akaunti ya CDS imeandikwa Mohammed Ali, na akaunti ya benki ni M. A. Omar. Msajili wa hisa, anayetunza orodha ya wenye hisa, anaona watu watatu. Kabla ya kuomba, weka hivyo vitatu mezani, ulinganishe herufi kwa herufi, pamoja na namba ya akaunti ya benki ya kurudishiwa pesa. Kurekebisha jina kwenye CDS hufanywa kupitia wakala wako, na huchukua siku, kwa hiyo usilianze toleo likiwa limeshafunguliwa.

Angalia pia kama uliomba mara mbili, mara moja kwa simu na mara moja benki. Sera nyingi hukataa maombi ya aina hiyo, na zingine hukataa yote mawili. Na kama ulikopa, hisa zaweza kuwa zimeingia lakini zimewekwa rehani kwa benki: utaziona kwenye taarifa ya CDS ila hutaweza kuziuza mpaka benki iziachie.

Kama majina yako sawa na siku ya kurudisha pesa imepita, mwandikie msajili wa hisa aliyetajwa kwenye waraka, uweke namba ya ombi, namba ya CDS na nakala ya risiti ya malipo. Mpe wakala nakala. Asipojibu, barua hiyo hiyo, ikiwa na tarehe, ipelekee Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Risiti ya siku ya kulipa ndiyo karatasi utakayoulizwa kwanza, basi ipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wa risiti za benki hufifia.